Ukurasa wa 6 na Ukurasa wa 58

Mwanahisa akipokea ripoti ya mwaka ya kampuni aliyowekeza fedha zake, hafungui hesabu kwanza. Anafungua picha. Mwenyekiti amesimama mbele ya kiwanda, wafanyakazi wamevaa kofia ngumu za njano, na pembeni kuna grafu ambayo nguzo zake zinapanda kila mwaka. Chini ya picha ni barua ya mwenyekiti kwa wanahisa. Hesabu zenyewe zimewekwa nyuma kwa maandishi madogo, na wengi huishia njiani kabla ya kuzifikia.

Mkaguzi wa hesabu huenda kinyume. Yeye ameshinda wiki kadhaa huko nyuma, kwenye hesabu, na akishazimaliza ndipo anarudi kurasa za mbele kusoma barua ya mwenyekiti, taarifa ya wakurugenzi, grafu, muhtasari wa miaka mitano, hata maelezo yaliyo chini ya picha. Hakutumwa kuzikagua kurasa hizo. Ametakiwa kuzisoma tu, lakini kwa macho ya mtu anayejua kilichomo nyuma. Usomaji huo una kanuni zake, na ndio ninaotaka kuueleza hapa, kwa sababu wawekezaji wengi wanadhani kwamba saini ya mkaguzi inafunika kitabu kizima kuanzia jalada hadi jalada. Haifuniki.

Tuchukue kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, ambayo hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni hiyo haipo. Nimeiunda kwa ajili ya makala haya ili tuweze kufuatilia namba bila kumgusa mtu. Mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba 31. Ukurasa wa 58, kwenye taarifa ya faida na hasara, mauzo ya mwaka ni shilingi bilioni 42.6, yakiwa yamepanda kutoka bilioni 39.1 za mwaka uliotangulia. Ukurasa wa 6, mwenyekiti anawaambia wanahisa kuwa mauzo yamekua kwa asilimia 21 na kufikia shilingi bilioni 47.4.

Kampuni ni moja, mwaka ni mmoja, na mauzo yana namba mbili.

Kabla ya kuuliza ni ipi ya kweli, ni vizuri kujua mkaguzi anasimama wapi. Kazi yake kuu ni kutoa maoni juu ya taarifa za fedha: mizania, faida na hasara, mtiririko wa fedha, mabadiliko ya mtaji, na maelezo yanayofuatana nazo. Vitu vingine vyote vilivyomo katika ripoti ya mwaka, viwe vya namba au vya maneno, wakaguzi huviita taarifa nyingine. Wajibu wao juu ya taarifa hizo umeandikwa katika Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 720, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kuanza kutumika kwa hesabu za vipindi vinavyoishia Desemba 15, 2016 na kuendelea. Kabla ya hapo ripoti ya mkaguzi kwa kawaida ilikaa kimya kuhusu kurasa za mbele, isipokuwa pale alipokuta kasoro. Tangu marekebisho hayo, ripoti ya mkaguzi ina sehemu maalumu inayotaja kurasa hizo kwa jina, inayosema kwamba maoni yake hayazihusu, na inayoeleza kama alipozisoma alikuta la kusema.

Si kila karatasi yenye nembo ya kampuni inaingia humo. Matokeo ya awali yanayotangazwa sokoni kabla ya ripoti kutoka hayamo, wala waraka wa kuuza hisa mpya. Kitabu cha huduma kwa jamii kinachochapishwa peke yake nacho kwa kawaida kinabaki nje. Ndiyo maana mkaguzi makini huuliza mapema, wakati bado anapanga kazi: ripoti yenu ya mwaka mwaka huu itakuwa na nyaraka zipi, na nitaipata lini? Asipouliza, ataletewa barua ya mwenyekiti siku ya kusaini, na mpiga chapa akiwa tayari amewasha mashine.

Sasa turudi Singida. Msimamizi wa timu ya ukaguzi amepata rasimu ya kurasa za mbele. Anaichapa kwenye karatasi, kwa sababu kazi hii inafanyika vizuri zaidi kwa kalamu. Anakwenda sentensi kwa sentensi. Kila akikuta namba iliyotoka kwenye hesabu, au iliyofupishwa kutoka huko, anaitafuta nyuma, anaweka tiki ndogo juu yake na kuandika ukurasa ilikotoka. Hahitaji kufanya hivyo kwa kila namba. Anachagua zile ambazo msomaji anaweza kuzitegemea akiamua kununua, kuuza au kukopesha. Mauzo, faida, gawio, madeni, na fedha iliyopo benki haziwezi kukosa. Asilimia anazikokotoa upya mwenyewe kwa kikokotoo, maana makosa mengi hujificha kwenye asilimia. Bilioni 42.6 ukilinganisha na 39.1 ni ongezeko la asilimia 9. Anapofika kwenye 21 kalamu inasimama, na badala ya tiki anachora duara.

Duara hilo si hukumu. Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na ndipo hata wakaguzi wachanga hukosea. Kukuta namba mbili zinazopingana hakumaanishi kwamba namba ya mbele ndiyo yenye kosa. Kiwango kinamtaka mkaguzi azungumze na menejimenti, na ikibidi afanye kazi ya ziada, mpaka ajue ni lipi kati ya mambo matatu ndilo lililotokea. Huenda kurasa za mbele zimekosea. Huenda hesabu zilizokaguliwa ndizo zilizokosea, na yeye alikuwa karibu kuzisaini. Au huenda kampuni haina kosa lolote, ila uelewa wake mwenyewe wa biashara hiyo una pengo. Mkaguzi anayekimbilia kusema "rekebisheni ukurasa wa 6" bila kuyapima hayo mengine mawili amejitetea kabla ya kuchunguza.

Kwa hiyo anakwenda ofisini kwa mhasibu mkuu, mama mtu mzima ambaye amekuwepo tangu kiwanda kina mashine moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini tena?"

Anamwonyesha duara. Mama anavaa miwani, anasoma, halafu anafungua kabati na kutoa ankara. Mteja mmoja mkubwa wa Dar es Salaam aliagiza mafuta ya shilingi bilioni 4.8. Ankara iliandikwa Desemba 29. Mama anaeleza kuwa wao wahasibu hawakuingiza mauzo hayo kwenye mwaka ulioisha kwa sababu mzigo ulikuwa bado haujatoka, lakini idara ya masoko, ambayo ndiyo iliyomwandalia mwenyekiti namba zake, iliyahesabu. Bilioni 42.6 ukijumlisha 4.8 ni 47.4. Tofauti imepata jina.

Imepata jina, lakini haijapata jibu. Meneja wa masoko, aliyeitwa naye aje, ana hoja yake na si ya kupuuzwa. Anasema mteja alikuwa amekubali bei, amepokea ankara, na aliomba mwenyewe mafuta yakae kiwandani hadi sikukuu zipite kwa kuwa hakuwa na matangi ya kutosha. Kwake hayo ni mauzo ya Desemba yaliyosubiri usafiri tu.

Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 15 kinasema mapato ya bidhaa yanaingizwa pale mnunuzi anapopata mamlaka juu ya bidhaa hiyo, na kinakubali kwamba wakati mwingine mamlaka hayo yanaweza kuhama huku mzigo ukiwa bado ghalani kwa muuzaji. Lakini masharti yake ni makali. Lazima pawe na sababu ya kweli ya mzigo kubaki, kama vile mnunuzi kuomba mwenyewe. Lazima mzigo utambulike peke yake kuwa ni wa mnunuzi huyo. Lazima uwe tayari kuchukuliwa wakati wowote. Na muuzaji asiwe na uwezo wa kuutumia au kumpa mtu mwingine. Kama yote hayo yametimia, basi meneja wa masoko ana haki, ukurasa wa 58 ndio uliokosea, na hesabu zinatakiwa kubadilishwa kabla mkaguzi hajasaini.

Hapo ndipo anachokijua mkaguzi kinapofanya kazi. Desemba 31 timu yake ilikuwa kiwandani kushuhudia kuhesabiwa kwa bidhaa. Karatasi za siku hiyo zipo kwenye jalada: matangi matano, kila moja limepimwa kina cha mafuta kwa fimbo ya kupimia, na mafuta yote yaliyomo yameandikwa kuwa mali ya kampuni. Hakuna tangi lililotengwa, wala lililobandikwa jina la mteja. Mafuta hayohayo yako kwenye mizania kama bidhaa zilizobaki ghalani, kwa bei ya gharama. Anapekua daftari la getini na tiketi za mzani. Lori la kwanza la mzigo ule lilipimwa Januari 4. Na katika siku za katikati, matangi hayo yalitoa mafuta kwa wateja wengine wadogo. Mafuta ambayo kampuni iliendelea kuyauza kwa wengine hayawezi kuwa yalikwishakuwa ya mteja wa Dar es Salaam, hata kama ankara yake ilikuwa imekwishaandikwa.

Sasa anaweza kusema. Hesabu ziko sawa, uelewa wake uko sawa, ukurasa wa 6 ndio wenye kosa. Na kosa lenyewe ni kubwa, kwa kipimo ambacho kiwango kinakitumia: je, msomaji mwenye akili timamu anaweza kufanya uamuzi tofauti wa kifedha kwa kulitegemea? Mtu aliyeambiwa biashara imekua kwa asilimia 21 hatalipa bei ileile ya hisa na aliyeambiwa 9.

Barua ya mwenyekiti ina jambo la pili, na hili ni gumu kidogo kwa sababu namba yake haina kosa la hesabu. Ameandika kwamba faida imepanda kutoka shilingi bilioni 3.8 hadi bilioni 5.9. Nyuma, faida kabla ya kodi ni bilioni 3.1, yaani imeshuka. Mkaguzi anapochimba anakuta bilioni 5.9 ipo kweli: ni faida ya mwaka huu kabla ya kutoa riba ya mikopo, bilioni 1.9, na hasara ya kubadilisha fedha za kigeni, bilioni 0.9. Jumlisha 3.1, 1.9 na 0.9 utaipata. Kampuni nyingi hutumia vipimo vya namna hii, na hakuna kanuni inayovikataza. Tatizo ni kwamba bilioni 3.8 za mwaka jana zimechukuliwa baada ya kutoa gharama hizo. Ni kama kupima gunia la mahindi yenye magunzi mwaka huu na kulilinganisha na gunia la mahindi yaliyopukuchuliwa mwaka jana, halafu ukasema mavuno yamepanda.

Hapa mkaguzi hadai kipimo kifutwe. Anaomba kipewe jina lake, kwamba ni faida kabla ya riba na tofauti za fedha za kigeni. Kilinganishwe na kipimo hichohicho cha mwaka uliotangulia. Na msomaji aonyeshwe njia ya kutoka kwenye 5.9 hadi 3.1. Kwa maoni yangu eneo hili ndilo linalowapotosha wawekezaji wadogo kuliko mengine yote, kwa sababu kila namba ukiiuliza peke yake ina asili yake, na ni kule kuziweka ubavuni mwa zingine kunakozalisha uongo.

Jambo la tatu halina namba kabisa. Mwenyekiti ameandika: "Benki yetu imekwisha kutupatia mkopo wa kupanua kiwanda, na ujenzi utaanza robo ya kwanza." Hakuna mahali kwenye hesabu panaposema kinyume chake. Mtu anayelinganisha namba na namba angeipita sentensi hii. Lakini marekebisho ya mwaka 2015 yalimwongezea mkaguzi jukumu hasa kwa ajili ya sentensi kama hii: asilinganishe na taarifa za fedha tu, alinganishe pia na yale aliyoyajua wakati wa ukaguzi. Na anajua. Amesoma mihtasari ya vikao vya bodi, na kwenye muhtasari wa Februari imeandikwa kwamba benki imeomba dhamana zaidi na haijaamua. Barua ya benki aliyoipokea moja kwa moja, ya kuthibitisha mikopo iliyopo, haina mkopo huo. Hana haja ya kwenda kuchunguza upya; anatumia kumbukumbu yake na karatasi zake, na pale penye shaka anamuuliza mwenzake aliyeshughulikia eneo hilo.

Barua hiyohiyo inasema kampuni imegawa miche ya miti 40,000 kwa wakulima. Mkaguzi hakuhesabu miche, na hakuna kitu katika ukaguzi kilichomfikisha kwenye mashamba hayo. Kwa sentensi za aina hii anatakiwa tu kuwa macho. Ikitokea ameona dalili kuwa si kweli asifumbe macho, lakini hatakiwi kupanda gari kwenda kuhesabu. Msomaji akumbuke hilo. Mkaguzi akiandika kwamba hana la kusema kuhusu taarifa nyingine, hajasema kwamba miche ni 40,000.

Kwa hiyo mkaguzi ana mambo matatu mkononi, na anayapeleka kwa menejimenti akiomba yarekebishwe. Mkurugenzi mtendaji anakubali mawili ya kwanza bila ubishi. Ni mtu wa namba na aliona aibu kidogo. La mkopo anasita. Barua ni ya mwenyekiti, anasema, na mwenyekiti ametumia maneno hayo kwenye mikutano na wakulima. Msimamizi anamjibu kwa upole kwamba anaelewa, ila itabidi jambo liende kwenye bodi.

Hiyo ndiyo hatua inayofuata, na si vitisho: menejimenti ikikataa, mkaguzi analipeleka kwa wanaosimamia kampuni, kwa kawaida kupitia kamati ya ukaguzi ya bodi, na kuomba tena marekebisho. Katika kikao mwenyekiti anasema kile ambacho wenyeviti wengi husema: "Haya ni maneno yangu, si hesabu zenu. Ninyi kagueni hesabu." Ana nusu ya ukweli. Maneno ni yake na wajibu wa kuyaandika kwa usahihi ni wa bodi, si wa mkaguzi. Nusu anayoisahau ni kwamba maneno hayo yatatoka ndani ya kitabu kimoja na saini ya mkaguzi, na maadili ya taaluma yanamkataza mhasibu kwa kujua kuhusishwa na taarifa ambayo inapotosha kwa kiasi kikubwa.

Ingekuwaje bodi nayo ikatae? Watu wengi hudhani kampuni ingepata hati mbaya. Hapana. Maoni ya mkaguzi ni juu ya taarifa za fedha, na taarifa za fedha za kampuni yetu ya Singida ziko sawa. Hati ingebaki hati inayoridhisha. Kinachobadilika ni ile sehemu ya taarifa nyingine ndani ya ripoti ya mkaguzi. Badala ya sentensi ya kawaida ya kwamba hakuna la kueleza, kungeandikwa kwa lugha iliyonyooka kwamba barua ya mwenyekiti inasema mkopo wa upanuzi umekwisha kutolewa, ilhali hadi tarehe ya ripoti hii benki haikuwa imeuidhinisha, na kwamba kwa sababu hiyo mkaguzi ameona kuna upotofu mkubwa katika taarifa nyingine. Mwanahisa anayesoma aya ya maoni tu na kufunga kitabu angeikosa sentensi hiyo. Ndiyo maana namshauri kila anayeshika ripoti ya mwaka aitafute sehemu hiyo. Kwa kawaida ni fupi, na huchukua dakika moja.

Pale ambapo kukataa kwa bodi kunamfanya mkaguzi ashindwe kuiamini hata kwa mambo mengine, kama vile maelezo yao ya maandishi aliyoyategemea wakati wa ukaguzi, suala linakuwa zito zaidi. Anaweza kujiuzulu kazi hiyo kama sheria inamruhusu. Katika mazingira adimu kabisa, kutowaamini huko kunaweza kugusa hata maoni yake juu ya hesabu zenyewe. Hayo hayatokei mara nyingi, na hayapaswi kutumiwa kama fimbo.

Kwa hapa kwetu kuna safu nyingine juu ya kiwango cha kimataifa, nayo inahusu ukurasa mmoja maalumu: taarifa ya wakurugenzi. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 inamhusisha mkaguzi moja kwa moja na taarifa hiyo. Anatakiwa kueleza ikiwa haiendani na taarifa za fedha. Kenya, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, wakaguzi huandika maoni yao kwamba taarifa ya wakurugenzi inaendana na hesabu. Ni ahadi nzito kidogo kuliko kusoma tu, lakini inafika kwenye taarifa ya wakurugenzi na kuishia hapo. Barua ya mwenyekiti, yenye picha na grafu, haimo. Yeyote anayetaka kuona kampuni inavyojipamba atakuta mapambo mengi yako kwenye kurasa ambazo sheria hiyo haikuzitaja.

Kuna ugumu mwingine ambao hausababishwi na mtu mwovu, bali na kalenda. Mara nyingi hesabu huwa tayari mwezi Machi wakati barua ya mwenyekiti bado iko kichwani mwake. Mkaguzi hazuiwi kusaini kwa sababu hiyo. Anachofanya ni kuomba menejimenti imwahidi kwa maandishi kwamba itampa toleo la mwisho kabla halijatolewa kwa umma, na kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni anataja katika ripoti yake nyaraka anazotarajia kuzipata baadaye. Zikifika, anazisoma kwa namna ileile, kwa kalamu ileile. Akikuta kosa na likarekebishwa, anajiridhisha na mambo yanaisha. Kampuni ikikataa baada ya yeye kusaini, hana tena nafasi ya kuandika kwenye ripoti iliyokwisha kutoka. Inabidi atafute njia ya kuwafikia waliolengwa, baada ya kuangalia haki na wajibu wake kisheria. Anaweza kutoa ripoti mpya yenye sehemu iliyorekebishwa na kuitaka kampuni iisambaze, au kuzungumza kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, au kuwasiliana na mamlaka inayohusika pale sheria inaporuhusu. Ikiwa kilichogunduliwa baada ya saini ni kosa ndani ya hesabu zenyewe, anahamia kwenye kiwango kingine, namba 560, kinachohusu mambo yanayojitokeza baada ya tarehe ya hesabu.

Singida haikufika huko. Kikao cha bodi kilichukua karibu saa nzima juu ya sentensi moja, na mjumbe mmoja ambaye zamani alikuwa mfanyakazi wa benki ndiye aliyeitatua. Alimuuliza mwenyekiti swali rahisi: benki ikikataa mwezi wa sita, barua hii tutaielezaje? Sentensi ikawa hivi: kampuni imeomba mkopo wa kupanua kiwanda, na mazungumzo na benki yanaendelea. Mauzo yakaandikwa bilioni 42.6 na ongezeko la asilimia 9, na aya ya pili ikaongezwa kueleza oda ya bilioni 4.8 iliyopokelewa Desemba na kupelekwa Januari. Hiyo ni habari nzuri ya kweli, na mwenyekiti alikuwa na haki ya kujivunia. Faida ikapata jina lake na jedwali dogo la mistari minne.

Kukubali kurekebisha si kurekebisha. Siku mbili baadaye msimamizi alipokea toleo la mwisho kutoka kwa mpiga chapa, kitabu kizima katika faili moja, likiwa na rangi na picha. Maneno ya ukurasa wa 6 yalikuwa sawa, namba zote zimebadilika kama walivyokubaliana. Akafungua ukurasa wa 9. Grafu ya mauzo ya miaka mitano ilikuwa imechorwa wiki tatu nyuma na hakuna aliyeikumbuka. Nguzo ya mwisho, ya kijani, bado ilikuwa imefika kwenye 47.4.

Akachora duara, akampigia simu mama mhasibu mkuu. Mama akacheka, akasema "Subiri, mwanangu," na saa moja baadaye ukurasa mpya ukaingia, nguzo ikiwa imeshuka. Msimamizi akaweka tiki juu yake, akaandika pembeni "uk. 58", na toleo hilo ndilo lililoingia kwenye jalada la ukaguzi, kwa kuwa kiwango kinataka nakala ya mwisho ibaki humo pamoja na maelezo ya kazi iliyofanyika juu yake.